Kalenda ya Likizo Katika Ofisi ya Watu Saba

Ofisi ndogo haina wa akiba. Akiondoka mmoja, kuna kazi inayobaki bila mwenyewe. Maswali haya yametoka kwa msimamizi wa ofisi ya uhasibu na ushauri wa kodi mjini Morogoro yenye wafanyakazi saba. Anayejibu amepanga likizo za ofisi za namna hii kwa miaka mingi.

Huwa naanza kwa kuwauliza wafanyakazi wanataka kwenda likizo lini, kisha najaza kalenda. Mbona kila mwaka tunagongana?

Kwa sababu umeanza na majina, na kinachokubana ni kazi. Kabla hujamuuliza mtu yeyote, chukua karatasi uandike zile kazi ambazo zikilala siku mbili mteja anaumia au faini inaingia. Zisizidi tano au sita. Kwa ofisi yako naona nne: kuwasilisha ritani za kodi, kuandaa mishahara ya wateja, fedha na benki, na mapokezi pamoja na masijala. Mbele ya kila kazi andika mtu anayeifanya siku zote, kisha mtu wa pili ambaye anaweza kuifanya leo hii bila kumpigia yeyote simu. Ukikosa jina la pili, usilibuni. Acha nafasi wazi, maana nafasi hiyo ndiyo shida yako halisi, na kalenda haitaiondoa. Itaondolewa na mafunzo ya wiki chache kabla ya likizo kuanza.

Kwako ritani ziko kwa mkuu wa ofisi na mhasibu mwandamizi. Mishahara iko kwa mwandamizi na mhasibu msaidizi wa kwanza. Fedha zinashikwa na keshia, na anayeweza kumshikia ni msaidizi wa pili. Mapokezi ni ya karani, na dereva ndiye anayekaa pale karani asipokuwepo. Kutokana na hayo unapata jozi nne za watu wasioweza kuondoka pamoja: mkuu na mwandamizi, mwandamizi na msaidizi wa kwanza, keshia na msaidizi wa pili, karani na dereva. Ofisi nyingi hutunga kanuni moja tu, kwamba wasiondoke zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Kanuni hiyo ni njema lakini haitoshi. Keshia na msaidizi wa pili ni wawili tu, na wakiondoka wote hakuna hata wa kupokea fedha za mteja.

Likizo ni siku 28, na kila mwezi tuna kodi za kuwasilisha. Tutazikwepa vipi tarehe hizo?

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa sababu tarehe ya kuanza likizo inaamua karibu kila kitu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa humo humo. Kwa hiyo hesabu siku za kalenda, Jumapili ikiwemo. Kwa upande wa Mamlaka ya Mapato, kodi inayokatwa kwenye mishahara inatakiwa ifike ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani kufikia tarehe 20.

Sasa tazama. Mtu wa mishahara akianza likizo tarehe 8 ya mwezi wenye siku 30, siku yake ya 28 ni tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Mwezi ukiwa na siku 31, ni tarehe 4. Aliondoka baada ya kodi ya mishahara kupokelewa, na anarudi kabla ya tarehe 7. Mtu wa ritani ya ongezeko la thamani yeye aanze tarehe 21. Atamaliza tarehe 18 au 17, na tarehe 20 itamkuta mezani. Bado atarudi akiwa na siku chache za kujipanga, hivyo mwenzake awe ameshakusanya ankara za wateja mapema.

Februari peke yake inaharibu hesabu hii. Mwaka usio mrefu, likizo inayoanza tarehe 8 Februari inaisha tarehe 7 Machi yenyewe, na inayoanza tarehe 21 inaisha tarehe 20 Machi. Watu hao wawili wasianze likizo ndefu mwezi huo.

Mwandamizi wetu yumo katika mishahara na katika ritani. Yeye aanze lini?

Yeye ndiye fundo la ofisi yako, na ni kawaida kila ofisi ndogo kuwa na mmoja kama huyo. Siku 28 mfululizo lazima zimpitishe tarehe 7 au tarehe 20. Njia inayofaa ni kumgawia wiki mbili mbili, kila mkupuo uanze tarehe 21: ataondoka baada ya ritani na kurudi tarehe 4 au 5, kabla ya kodi ya mishahara. Lakini sheria inasema siku 28 mfululizo, kwa hiyo mgawanyo huo uwe kwa ridhaa yake na uandikwe, usiwe amri ya msimamizi. Asipokubali, ana haki ya mapumziko yake kamili, na ni wajibu wako kumfundisha mtu wa tatu.

Mikupuo hiyo isiangukie mwisho wa Machi, Juni, Septemba wala Desemba. Wateja wanaofuata mwaka wa kalenda hulipa awamu za kodi ya mapato tarehe za mwisho za miezi hiyo, na Juni ndiyo mbaya kuliko yote, kwa kuwa ritani ya mwaka uliopita nayo inakoma tarehe 30.

Tukiweka hivyo, mwandamizi anapata tarehe 21 Aprili hadi 4 Mei, na tena 21 Oktoba hadi 3 Novemba. Mkuu wa ofisi anaanza 21 Julai na kumaliza 17 Agosti. Msaidizi wa kwanza anaanza 8 Agosti hadi 4 Septemba. Utaona likizo za mkuu na msaidizi wa kwanza zinaingiliana siku kumi za Agosti, wote wawili wakiwa nje. Hilo halina ubaya, kwa sababu si jozi: mwandamizi yupo, na anazijua kazi zote mbili.

Na saini za hundi?

Umegusa jambo linalosahaulika sana. Kama benki inataka saini mbili na waliosajiliwa ni mkuu na mwandamizi tu, basi likizo ya yeyote kati yao inafunga malipo, hata kama jozi zako zote ziko sawa. Peleka benki barua ya kuongeza mtia saini wa tatu miezi kadhaa kabla. Njia ya kusaini hundi tupu na kuziacha kwenye droo ni hatari kwa aliyesaini na kwa anayeachiwa. Naiona mara nyingi na sitaacha kuikemea.

Desemba kila mtu anataka kwenda nyumbani. Nitamnyima nani?

Panga zamu inayojulikana na iandikwe. Aliyepata Desemba mwaka jana anakaa mwisho wa foleni mwaka huu, hata kama ni mkubwa kazini. Watu hukubali kukosa zamu wanapoona orodha ya miaka mitatu iliyopita. Wanachokasirikia ni kuona familia zilezile zikipanda basi la Moshi kila Krismasi.

Idi nayo isisahaulike wakati wa kupanga. Kila mwaka inasogea nyuma kwa siku kama 11 katika kalenda hii ya kawaida, na siku yenyewe inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo tenga siku tatu au nne badala ya moja. Ofisi iliyochanganya Waislamu na Wakristo ina nafasi nzuri hapa: anayeshikia zamu wakati wa Idi anashikiwa Krismasi.

Kalenda yenyewe niiandike wapi?

Jedwali la kompyuta linatosha. Weka majina yakishuka kwenye safu B, kuanzia mstari wa 2, na siku kwenye safu zinazofuata. Aliye likizo andikiwa L. Chini weka mistari ya aina mbili: mmoja unahesabu walio nje, mingine inachungulia jozi. Kama mwandamizi yuko mstari wa 3 na msaidizi wa kwanza mstari wa 4, kwa siku iliyo kwenye safu C fomula ni hizi:

```
=COUNTIF(C2:C8,"L")
=IF(AND(C3="L",C4="L"),"MGONGANO","")
```

Kila jozi iwe na mstari wake. Kisha chapisha nakala na uibandike ukutani, watu waione.

Mtu akiugua ghafla wakati wawili wako likizo?

Ndiyo maana nasema wawili kati ya saba, na si watatu. Kabla ya kupitisha kalenda, pita wiki moja moja ukimtoa mtu mmoja zaidi, yeyote yule, na uangalie kama kila moja ya kazi nne bado ina mtu. Wiki itakayoanguka, ama sogeza likizo ama funza mtu. Mwezi wa Agosti katika mpango wetu unaanguka: mkuu na msaidizi wa kwanza wakiwa nje, mwandamizi akiugua, ritani na mishahara vyote havina mtu. Kwa hiyo ningemsogeza mkuu aanze 21 Mei? Hapana, angekula nusu ya Juni. Ningemsogeza msaidizi wa kwanza aanze 8 Septemba, arudi 6 Oktoba. Hapo mwandamizi akiugua mkuu anabeba ritani, na mishahara ya mwisho wa Septemba ndiyo inayobaki bila mtu. Pengo hilo linatibiwa kwa kumfundisha msaidizi wa pili mishahara kabla ya Agosti.

Likizo ya uzazi si dharura. Ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mfanyakazi anatakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla. Siku 84 ni sawa na likizo tatu za mwaka kwa mpigo, kwa hiyo siku unayopokea taarifa ndiyo siku ya kuanza kumwandaa atakayekaimu.

Nitajuaje kama mpango unafanya kazi, kabla ya mambo kuharibika?

Tazama vitu viwili. Mwisho wa Septemba hesabu siku ambazo hazijachukuliwa. Likizo zikiwa zimerundikana robo ya mwisho, mtagongana Novemba na Desemba, na kuzisukuma mbele kuna kikomo: sheria inataka zitolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kwisha, na hadi miezi 12 pale tu mfanyakazi anaporidhia na kazi inapolazimu.

La pili ni simu. Weka daftari mapokezi, na kila mtu aliye likizo anapopigiwa kuhusu kazi, aliyepiga aandike aliuliza nini. Mkimpigia keshia kuuliza ufunguo wa kasiki uko wapi, makabidhiano yalikuwa mabovu. Mkimpigia mwandamizi mara tatu kuhusu mishahara ya mteja mmoja, basi jina la pili mliloandika kwenye jedwali halijui kazi hiyo. Lifute, na muda wa mafunzo yake uingie kwenye kalenda ya mwaka unaofuata kabla ya likizo ya mtu yeyote.