JEDWALI LA VIHATARISHI: ANDIKA BALAA KABLA HALIJAKUKUTA

Leo tuko Tunduma, mkoani Songwe, mpakani kabisa. Ukivuka tu uko Nakonde, Zambia. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita hapa usiku na mchana, na watu wanavuka kwenda sokoni na kurudi. Kinachovuka si mizigo peke yake. Mwezi Oktoba 2023 Zambia ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Januari 2024 serikali ya nchi hiyo iliahirisha kufungua shule.

Sasa tuchukue mfano. Klabu ya afya ya sekondari moja ya kutwa Tunduma imeamua kuweka ndoo 10 zenye koki, karibu na vyoo na karibu na pale mama lishe wanapouza maandazi. Shule ina wanafunzi 600. Mfadhili amekubali kutoa fedha, lakini ametaka kitu kimoja kwanza: jedwali la vihatarishi. Wanaklabu wakatazamana.

"Hicho ni kitu gani tena?"

"Eti tuandike mabaya yatakayotokea."

"We vipi? Unataka kutuletea nuksi? Mradi wenyewe haujaanza!"

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kuandika balaa hakuliiti. Kihatarishi ni jambo ambalo halijatokea bado, ila linaweza kutokea na kuharibu lengo lenu. Likishatokea si kihatarishi tena, ni tatizo. Koki iliyovunjika jana ni tatizo, itengenezeni. Koki inayoweza kuibiwa wiki ijayo ni kihatarishi, nacho kinaandikwa kwenye jedwali.

HATUA YA 1: ANDIKA SENTENSI NZIMA

Mara ya kwanza katibu wa klabu aliandika neno moja tu: "Maji." Maji yana nini? Ni mengi, machache au machafu? Neno moja halimwambii mtu la kufanya. Sentensi nzuri ina sehemu tatu, yaani sababu, tukio na matokeo:

"Kwa kuwa shule inategemea bomba la mgao, kiangazi bomba linaweza kukauka zaidi ya siku 2, na wanafunzi wakatoka chooni na kula bila kunawa."

Unaona tofauti? Sababu inakuonyesha pa kuzuia. Matokeo yanakuonyesha pa kujiandaa endapo umeshindwa kuzuia.

HATUA YA 2: PIMA UWEZEKANO NA ATHARI

Uwezekano ni kipimo cha jinsi jambo lilivyo karibu kutokea. Athari ni ukubwa wa hasara likitokea. Kila kimoja kipe alama 1 hadi 5, halafu zidisha. Alama ya juu kabisa ni 5 × 5 = 25.

Lakini alama hazitoki hewani. Kabla ya kuandika chochote, wanaklabu walipiga hesabu. Mwanafunzi mmoja akinawa mara 2 kwa siku, kila mara akatumia nusu lita, anamaliza lita 1. Wanafunzi 600 ni lita 600 kwa siku, yaani madumu 30 ya lita 20. Duh! Bomba likikauka itabidi wanunue maji. Tuseme dumu moja ni shilingi 300. Madumu 30 ni shilingi 9,000 kwa siku, shilingi 45,000 kwa wiki ya siku 5. Wiki 4 tu za ukame zinakula shilingi 180,000.

Kumbe ndoo ni kitu rahisi kupata, shughuli iko kwenye maji! Bila hesabu hii wangeweka alama ndogo na kuanza kubishana kuhusu rangi ya ndoo. Walipouliza wenzao waliosoma hapo miaka miwili, waliambiwa bomba hukauka karibu kila kiangazi. Basi uwezekano ukawa 4. Athari ni 5, kwa sababu bila maji mradi wote umekufa. Jumla 20.

HATUA YA 3: MPE MTU

Safu ya tano ni mmiliki. Usiandike "klabu nzima" wala "wote". Cha wote hakina mwenyewe. Andika mtu mmoja, kwa cheo chake.

Mmiliki si mtu wa kubeba kazi zote, wala si wa kulaumiwa mambo yakiharibika. Ni yule anayekiangalia kihatarishi, anayeona dalili mapema na kupiga kelele. Hivyo lazima awe na uwezo wa kuchukua hatua. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hawezi kumwamuru bohari atoe hela ya maji. Kwa hiyo maji yalipewa mwalimu mlezi wa klabu. Kiranja wa usafi akapewa kazi ya kupima tangi kila asubuhi na kumpa taarifa.

HATUA YA 4: HATUA ZA KUPUNGUZA

Hapa ndipo watu hujaza maneno matamu: "Tutahakikisha maji yanapatikana." Hayo ni matumaini. Hatua ya kweli ina kitendo, mtendaji na siku. Jiulize pia inapunguza nini, uwezekano au athari?

Wanaklabu waliamua kuomba tangi la lita 2,000 na mfereji wa bati kwenye paa la darasa moja. Ukitumia lita 600 kwa siku, tangi lililojaa linakufikisha siku 3 na kidogo. Hilo linapunguza uwezekano wa ndoo kukauka. Kisha wakachora mstari mwekundu kwenye lita 1,200. Maji yakishuka chini ya mstari, zimebaki siku 2 tu, na mwalimu mlezi anaagiza maji siku hiyohiyo. Mstari huo ndio dalili.

Kwa athari, walikubaliana hivi: siku ya shida, maji ni ya kunawa baada ya choo na kabla ya kula peke yake, na watatumia vibuyu chirizi, ambavyo hutoa maji kidogo kidogo. Kuosha madawati kutasubiri.

Na mvua je? Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa 6 lina mita za mraba 60. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 600, na ukiondoa yanayomwagika unabaki na kama lita 480. Hiyo haifiki matumizi ya siku moja. Na Songwe mvua ni za kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo mfereji unasaidia masika, ila Agosti usiutegemee. Hatua ya kupunguza nayo ina mipaka yake, iandikeni.

HILI HAPA JEDWALI

| Kihatarishi | Uwezekano | Athari | Alama | Mmiliki | Hatua za kupunguza |
|---|---|---|---|---|---|
| Bomba linakauka kiangazi, watu hawanawi | 4 | 5 | 20 | Mwalimu mlezi | Tangi la lita 2,000. Agiza maji yakishuka chini ya lita 1,200 |
| Sabuni na koki vinaibiwa, watu wananawa kwa maji matupu | 4 | 3 | 12 | Kiranja wa usafi | Sabuni ya unga ichanganywe na maji kwenye chupa iliyofungwa kamba. Ndoo ziingizwe ndani jioni |
| Foleni ndefu wakati wa chai, watu wanaacha kunawa | 5 | 2 | 10 | Mwalimu wa zamu | Madarasa yatoke kwa zamu, dakika 5 tofauti |
| Kipindupindu kinaingia mtaani, shule inafungwa | 2 | 5 | 10 | Mkuu wa shule | Namba ya kituo cha afya ofisini. Chumvichumvi za kuongeza maji mwilini kwenye sanduku la huduma ya kwanza |
| Uvumi kuwa maji yenye klorini yana dawa mbaya, wazazi wanawakataza watoto | 2 | 4 | 8 | Mwenyekiti wa klabu | Kikao na wazazi kabla ya kuanza. Maji yatibiwe mbele ya watu |

Usicheke huo mstari wa mwisho. Kaskazini mwa Msumbiji watu waliokuwa wakigawa klorini wakati wa kipindupindu wamewahi kushambuliwa, kwa uvumi kuwa wao ndio wanaoeneza ugonjwa.

KUMI MBILI ZISIZOFANANA

Angalia foleni na kipindupindu. Zote zina alama 10. Je, ni sawa? Hapana bwana!

Foleni ni 5 × 2. Itatokea kila siku, ila hasara yake ni ndogo. Mtu akinawa kwa nusu dakika, wanafunzi 600 kwenye koki 10 wanachukua dakika 30. Mapumziko yote yameisha! Dawa yake ni kupanga utaratibu, basi.

Kipindupindu ni 2 × 5. Huenda kisitokee mwaka mzima, lakini kikitokea, mtu anayeharisha maji mengi anaweza kufa ndani ya saa chache asipopata tiba. Hapa hungoji kuona. Unakuwa na mpango tayari: nani anapiga simu, mgonjwa anaanzishiwa maji ya chumvichumvi wapi, nani anampeleka kituo cha afya. Kwa hiyo ukishazidisha, rudi utazame namba mbili zilizozaa alama. Athari ikiwa 5, weka mpango hata kama uwezekano ni mdogo.

JEDWALI LIKILALA, LIMEKUFA

Kosa kubwa kuliko yote ni kujaza jedwali, kumpelekea mfadhili, kisha kulifungia kabatini. Jedwali linafunguliwa kila mwezi, kwa dakika 20 tu. Kila mmiliki anajibu: Alama imebadilika? Hatua imefanyika? Kuna kipya?

Januari mvua zinanyesha, tangi limejaa, uwezekano wa kukosa maji unashuka kutoka 4 hadi 2, na alama inakuwa 10. Safi. Lakini Julai inapanda tena. Na ukisikia redioni kuwa kuna wagonjwa wa kipindupindu upande wa pili wa mpaka, hungoji kikao cha mwezi. Uwezekano unapanda kutoka 2 hadi 4 siku hiyohiyo, alama inakuwa 20, na mkuu wa shule anaambiwa kabla ya kengele ya chai.

Ukiona miezi mitatu imepita na hakuna namba hata moja iliyobadilika, jua hakuna anayelisoma.

ZOEZI

1. Mwanaklabu ameandika: "Kihatarishi: wanafunzi. Mmiliki: klabu. Hatua: tutawaelimisha." Taja makosa matatu.

2. Shule yenu ina wanafunzi 400 na tangi la lita 1,000. Kila mmoja anatumia lita 1 kwa siku. Mstari mwekundu wa siku 2 utachorwa wapi?

MAJIBU

1. Kihatarishi hakina sababu, tukio wala matokeo. Mmiliki si mtu mmoja. Hatua haina mtendaji wala siku.

2. Lita 800. Sasa fikiri: tangi lililojaa ni siku 2 na nusu tu, hivyo ukitumia maji siku moja bila kujaza umeshavuka mstari. Tangi hilo ni dogo kwa shule yenu, na hicho ni kihatarishi kingine. Kiandikeni.