Katikati ya fildi: maswali kuhusu kumwomba msimamizi maoni

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu Tanzania hufanya mafunzo kwa vitendo, ile tunayoiita fildi, kwa wiki nane hivi kati ya Julai na Septemba. Maelezo haya yanamfuata mwanafunzi wa uhasibu aliyepangiwa kitengo cha fedha cha halmashauri ya wilaya. Aliye hospitali, kiwandani au benki atabadilisha majina ya karatasi, lakini namna ya kuuliza ni ileile.

Nikiuliza, si nitakuwa nimetangaza kwamba sijiamini?

Inategemea unachouliza. Mwaka 1991 watafiti wawili, Susan Ashford na Anne Tsui, walichapisha utafiti kuhusu mameneja na jinsi wanavyotafuta maoni juu ya utendaji wao. Waliokuwa wakitafuta kukosolewa walionekana na wakubwa wao, wenzao na walio chini yao kuwa ni wachapakazi hodari zaidi. Waliokuwa wakitafuta kusifiwa walishuka machoni pa watu haohao. Hao walikuwa mameneja, si wanafunzi wa fildi, kwa hiyo tusiunyooshe utafiti huo kupita kimo chake. Hata hivyo, aliyewahi kukaa ofisini anautambua ukweli wake. Mwanafunzi anayeuliza "Mama, kwani mimi nafanya vizuri?" anamtwisha msimamizi kazi ya kumtuliza moyo. Anayeuliza "Hizi hati zinarudi, naziangalia vibaya wapi?" anampa kazi ya kufundisha. Wa kwanza ndiye anayeonekana hajiamini, ingawa wote wawili wameomba maoni.

Niulize lini?

Kwa fildi ya wiki nane, mwisho wa wiki ya tatu au ndani ya wiki ya nne. Kabla ya hapo hujafanya kazi ya kutosha mtu kuisema. Baada ya wiki ya sita utapewa maoni mazuri usiyokuwa na muda wa kuyafanyia kazi.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Msimamizi kutoka chuoni huja kukutembelea, pengine mara moja tu, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuwauliza wenyeji wako kuhusu wewe. Kasoro iliyopo ni afadhali uisikie wewe kabla yake.

Angalia pia kalenda ya ofisi. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na hesabu za mwaka za halmashauri zinatakiwa zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifikapo 30 Septemba. Kadiri Septemba inavyosogea, wahasibu huchelewa kurudi nyumbani na subira hupungua. Ukianza fildi katikati ya Julai, wiki yako ya nne inaangukia nusu ya kwanza ya Agosti, nafasi nzuri kabla ya msongamano huo. Na usimwendee mtu siku ambayo wakaguzi wamo ofisini, hata kama kalenda yako inasema leo ndiyo leo.

Nimwendee nani: aliyeandikwa kwenye barua au ninayekaa naye?

Barua huandikwa kwa mkurugenzi, ikashushwa kwa mkuu wa kitengo cha fedha, naye akakukabidhi kwa mhasibu wa meza ya malipo. Anayesaini kitabu chako cha kumbukumbu, ile logibuku, huenda akawa mkuu wa kitengo. Anayeiona kazi yako ni mhasibu. Mwombe mhasibu maoni, kwa sababu mkuu wa kitengo atakuambia tu alichosikia kwa huyo huyo.

Lakini mkuu asirukwe. Ukikutana naye asubuhi, baada ya shikamoo, sentensi moja inatosha: "Nimemwomba mama wa malipo apitie kazi yangu ya wiki tatu." Hapo hutaonekana umekwenda pembeni, na mara nyingine naye ataongeza neno lake.

Niende na nini mkononi, na niseme vipi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokwenda mikono mitupu.

Tuseme umepewa kupitia hati za malipo kabla hazijaenda ukaguzi wa awali. Kila hati ya malipo ya vifaa unatakiwa kuikuta na viambatisho vyake: agizo la ununuzi, ankara ya mzabuni, hati ya kupokelea mali na idhini zinazohusika. Kwa wiki mbili umepitia hati 60, na 9 zimerudishwa. Usisubiri mtu akuhesabie. Chukua karatasi moja, andika hizo tisa, na mbele ya kila moja andika sababu ya kurudishwa. Unagundua 5 zimerudi kwa sababu ya tarehe, 2 kwa kasma isiyo sahihi, na 2 zilizobaki kila moja kwa sababu yake.

Sasa una swali. Omba miadi mchana, si alasiri watu wanapofunga makabati: "Mama, naomba dakika kumi kesho ukipata nafasi. Nina hati zilizorudishwa ambazo ningependa unioneshe ninapokosea." Kesho yake unaweka karatasi mezani na kusema: "Katika hati 60 zimerudi 9, na 5 kati ya hizo ni za tarehe. Viambatisho vyote vilikuwepo. Mimi naangalia nini na ninaacha nini?"

Zingatia ambayo hayamo katika maneno hayo. Hakuna "samahani kwa usumbufu" mara tatu, hakuna "mimi bado mgeni", hakuna "najua sijui chochote". Adabu imebebwa na salamu, na miadi, na kuja umejiandaa. Unyenyekevu ukizidi humlazimisha mkubwa akutetee dhidi yako mwenyewe, na hilo linachosha.

Mhasibu atakujibu kitu kama hiki: "Wewe unaangalia kama karatasi ipo. Huangalii kama zinafuatana. Agizo la ununuzi likiwa na tarehe ya baada ya ankara, maana yake kitu kilinunuliwa kwanza, ruhusa ikatafutwa baadaye. Hiyo ni hoja ya ukaguzi." Kwa dakika mbili umepata somo ambalo darasani hukulisikia namna hiyo, na limetoka kwa sababu ulileta hati, hukuleta hofu.

Kisha uliza moja tu zaidi: "Kwa wiki nne zilizobaki, ungependa nirekebishe lipi kwanza?" Neno "kwanza" lina kazi hapo. Linamfanya achague, kwa hiyo hupewi orodha ya kasoro kumi ambayo hutaweza kuibeba. Shukuru, inuka, rudi mezani kwako.

Kwa nini nisiulize kuhusu mimi mwenyewe, bidii yangu na tabia yangu?

Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya mamia ya matokeo ya majaribio kuhusu watu wanaopewa maoni. Kwa wastani maoni yalisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba maoni yanapoyavuta mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake, faida yake hupungua. Ukiambiwa "wewe ni mzembe", utashinda siku nzima ukijiwazia. Ukiambiwa "linganisha tarehe za viambatisho kabla ya kitu kingine chochote", una la kufanya saa hiyohiyo. Na kwa kuwa maoni hufuata umbo la swali, ukiuliza kuhusu kazi utajibiwa kuhusu kazi.

Jambo moja la tabia linafaa kuulizwa waziwazi, nalo ni desturi za ofisi: kama simu inaruhusiwa mezani, kama unaweza kuingia kwa mkuu bila kupitia kwa katibu muhtasi. Hayo yaulize wiki ya kwanza. Wiki ya nne umechelewa.

Akinijibu "Uko vizuri tu, endelea"?

Ndilo jibu la kawaida kuliko yote, na mara nyingi halina ubaya. Mkubwa hapendi kumkatisha tamaa mtoto wa watu, au ana mambo mengine kichwani. Usilipinge, wala usirudie swali lilelile kwa sauti ya kusihi. Shusha swali liwe dogo: "Ahsante mama. Hii hati ya juu ungekuwa unaiandaa wewe, ungebadilisha nini?" Karibu kila mtu mwenye ujuzi ana kitu ambacho angebadilisha kwenye karatasi iliyo mbele yake. Kama hapo pia jibu ni "hakuna", lipokee na uondoke.

Je, akinikaripia?

Andika alichosema, jibu "nimekuelewa", na usijieleze siku hiyo. Hata kama kosa halikuwa lako, maelezo yanayotolewa papo hapo husikika kama utetezi. Kesho yake, kama kweli kuna ukweli usiojulikana, mpe kwa sentensi moja ukiwa na karatasi inayoonesha. Kukaripiwa kwa ajili ya kazi ni tofauti na kutukanwa au kudhalilishwa. Hilo la pili ni la kumpelekea mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo chako, na mapema.

Niombe maoni mara ngapi?

Mazungumzo rasmi ya namna hii, mara moja katikati ya fildi. Baada ya wiki moja rudisha taarifa fupi, ya kusimama: "Mama, wiki hii zimerudi mbili, hakuna ya tarehe." Si kujisifu. Ni kumwonesha kwamba dakika zake kumi hazikupotea, na ndiyo inayomfanya aje mwenyewe siku nyingine kukuonesha jambo bila kuombwa.

Kinachompa mtu sura ya kutojiamini ni kuuliza "hivi ni sawa?" baada ya kila hati. Kuuliza maelekezo usiyoyajua ni haki yako kila siku. Kutafuta kuthibitishiwa kila baada ya nusu saa ni kitu kingine, na wenzako watautambua mpaka huo kabla yako. Kusanya maswali madogo, uyapeleke pamoja mara moja kwa siku.

Katika mazungumzo hayohayo usiulize utapewa alama ngapi, wala kama kuna nafasi ya kazi baadaye. Utakuwa umeligeuza ombi la kujifunza kuwa biashara, na majibu yote yaliyotangulia yatapoteza uaminifu.

Na kama kwa wiki tatu sijapewa kazi ya kutolewa maoni?

Hili huwapata wengi: kupiga mihuri, kutoa nakala, kupanga mafaili kwa namba. Hapo swali la katikati linabadilika, unaomba meza. Fungua logibuku, hesabu siku za kila kazi, halafu mwendee msimamizi na ombi linalotekelezeka: "Siku kumi na mbili nimekuwa kwenye mafaili. Naomba wiki ijayo nikae na anayefanya usuluhisho wa benki, hata kama ni kumsomea namba." Ofisa aliye na shughuli hukataa kwa urahisi ombi la "kujifunza zaidi", lakini mtu wa kumsomea namba humkubali. Jibu likiwa hapana, mpigie mratibu wa chuo wiki hiyohiyo, maana wiki nne bado zinatosha kukuhamisha kitengo, na mbili hazitoshi.