Miisho Isiyonunuliwa kwa Pointi

Gemu ya Mass Effect 3 ilipotoka Machi 2012, mwisho wake ulitegemea kwa sehemu kubwa namba moja. Kila jeshi ulilolivuta upande wako na kila kifaa ulichookota kwenye sayari za mbali kiligeuzwa pointi. Pointi zilijumlishwa, kisha jumla ikazidishwa kwa asilimia ya utayari iliyoanzia 50. Asilimia hiyo ilipanda ukicheza mapambano ya mtandaoni na wenzako, na ukikaa siku kadhaa bila kucheza ilishuka yenyewe. Mchezaji aliyevuna pointi za kutosha, kisha akachagua kumwangamiza adui, alionyeshwa sekunde chache za mtu akivuta pumzi chini ya kifusi. Aliyepungukiwa hakuonyeshwa.

Wachezaji walilalamikia mengi kuhusu mwisho ule, na Juni mwaka huohuo BioWare, walioitengeneza gemu, wakatoa nyongeza ya bure. Ilirefusha miisho na kushusha kiwango cha pointi kinachohitajika. Kushusha kiwango kulipunguza maudhi lakini kasoro ilibaki palepale: uhai wa mhusika ulikuwa umewekewa bei, na bei ililipwa kwa shughuli zisizomhusu.

Cha kushangaza ni kwamba gemu iliyotangulia, ya 2010, ilikuwa na dawa tayari. Katika Mass Effect 2 unakusanya kikosi cha kwenda kwenye misheni ambayo huenda hakuna atakayerudi, na kila askari ana jambo lake la moyoni analotaka umsaidie. Ukilimaliza, anakuwa mwaminifu kwako. Mpaka hapo unaweza kusema ni kazi za kuhesabu kama nyingine. Lakini siku ya misheni uaminifu peke yake hautoshi. Kuna mahali unapohitaji mtu wa kuwakinga wenzake dhidi ya kundi la wadudu kwa nguvu za akili. Miranda, mmoja wa kikosi chako, anajitokeza na kusema yeyote mwenye nguvu hizo ataweza. Ukimwamini ukampa kazi hiyo, kuna mwenzenu atakayebebwa na wadudu, hata kama Miranda ni mwaminifu kabisa. Kazi ile inamtaka Jack au Samara, na mchezaji aliyewasikiliza watu wake safarini analijua hilo bila kuambiwa.

Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona bora kuliko yote katika gemu ile. Kufikia mwishoni, wafanyakazi wa meli yako wanatekwa. Ukiwafuata papo hapo unawakuta hai wote. Ukisema ngoja kwanza nimalizie misheni moja au mbili za pembeni, nusu yao wanakufa. Ukizidisha tatu, unamkuta daktari peke yake. Yaani kuvuna kwenyewe ndiko kunakoua. Mchezaji aliyezoea kufagia ramani yote kabla ya kuingia sura ya mwisho anagundua kwamba hadithi ilikuwa inamaanisha iliposema watu wako hatarini.

Basi kwa mwandishi wa gemu ya hadithi swali la kuanzia ni hili: kitu kinachoamua mwisho, mchezaji alikipata kwa kukosa nini? Kama jibu ni muda tu, huo ni uvunaji. Kama jibu ni kitu kingine ndani ya hadithi alichokitaka pia, mwisho una mzizi.

Tuchukue mfano mdogo tuujenge. Rehema amerudi Pangani baada ya kufiwa na baba yake. Kuna nyumba ya zamani ya mawe, shangazi anayeishi humo, na mnunuzi kutoka Tanga anayesubiri. Gemu ni ya saa moja hivi na inaishia kwenye kikao cha ukoo. Tunaiandika kwa ink, lugha ya bure ya kuandikia hadithi za machaguo iliyotengenezwa na studio ya Inkle ya Uingereza. Rasimu ya kwanza ambayo wengi huandika huwa hivi:

```
VAR imani = 0

=== barazani ===
+ [Mpelekee shangazi kahawa]
    ~ imani = imani + 1
    -> barazani
+ [Ondoka]
    -> sokoni
```

Imani ikifika 10, shangazi anamtetea Rehema kikaoni na nyumba inabaki. Ubaya unaanzia kwenye alama moja. Katika ink, chaguo linaloanza na `+` halifutiki. Linaweza kubonyezwa tena na tena. Linaloanza na `*` likishachaguliwa linatoweka. Hapa `+` imewekwa kwenye kitendo kinachoongeza namba, kwa hiyo mchezaji atabonyeza kahawa mara kumi mfululizo, shangazi atakunywa vikombe kumi, na mapenzi ya damu yatakuwa duka. Ukitaka kujua kama gemu yako ina ugonjwa huu, pitia faili lote utafute kila `+` iliyofuatwa na mstari wa kuongeza namba.

Kubadilisha `+` kuwa `*` kunazuia kubonyeza kumi, lakini bado kumpelekea mzee kahawa hakumgharimu Rehema chochote. Hakuna mchezaji atakayekataa. Chaguo ambalo kila mtu atalichagua vilevile haliwezi kubeba mwisho.

Kwa hiyo tunaitupa namba na kutafuta nyakati mbili zenye gharama. Ya kwanza: Rehema anakuta ndani ya kasha barua inayoonyesha kwamba baba alikopa kwa shangazi fedha za kuezekea nyumba na hakulipa. Akimwambia shangazi, nyumba ina mdai mwenye ushahidi na mnunuzi atashusha bei. Akinyamaza, anadhani hakuna atakayejua kwamba barua ipo. Ya pili: mnunuzi anatoa arubuni wiki moja kabla ya kikao, na mtoto wa Rehema amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Kuipokea ni kumsomesha mtoto. Kuikataa ni kumlinda shangazi. Pande zote mbili zina haki yake, na hapo ndipo penye uzito.

Machaguo mawili yenye njia mbili yanazaa miisho minne, na kila mmoja ni matokeo ya mchanganyiko wake, si ya jumla. Akisema na kuikataa arubuni, nyumba inabaki, na ada bado inadaiwa. Akinyamaza na kuipokea, nyumba inauzwa bila kelele na shangazi anahamia chumba cha kupanga akiwa hajui kwamba ushahidi wa deni lake ulikuwepo. Akisema na kuipokea, nyumba inauzwa mchana kweupe, shangazi analipwa deni lake kwanza na kuondoka kwa miguu yake mwenyewe. Akinyamaza na kuikataa, baba yake mdogo anaitoa nakala ya barua kikaoni, na Rehema aliyedhani ameinusuru nyumba anaulizwa mbele ya watu kwa nini alificha. Huu wa mwisho ndio niupendao, maana mchezaji alitenda wema nusu na anajua ni nusu ipi iliyokosekana.

Katika ink huhitaji hata kuweka kigezo. Jina la kila sehemu ya hadithi huhesabu lenyewe mara ambazo mchezaji amepita hapo, kwa hiyo unauliza tu kama alipita:

```
=== kikao ===
{
- kumwambia and kukataa: -> nyumba_inabaki
- kumwambia: -> mauzo_ya_wazi
- kukataa: -> barua_inatolewa
- else: -> mauzo_ya_kimya
}
```

Mpangilio wa mistari una maana: ink huusoma kuanzia juu na kuchukua wa kwanza ulio kweli. Ukiweka `kumwambia` juu ya ule wenye masharti mawili, mwisho wa kwanza hautaonekana milele, na hutapata ujumbe wowote wa kosa.

Si kila uamuzi ugeuze mwisho. Usiku wa hitma Rehema anaweza kukesha na wafiwa au kuwahi basi la mwisho la Tanga. Tukiufanya nao utawale mwisho, tunafikia miisho minane, na timu ya watu wawili haitaimaliza. Tunauacha ubadilishe jambo dogo tu: kikaoni, nani amekaa ubavuni mwake. Mandhari ni ileile na wazee ni walewale. Kinachobadilika ni anayezungumza na anayeinamisha kichwa.

Umbali nao una kazi. Matokeo yakija papo hapo, mchezaji atarudi kwenye hifadhi yake, ajaribu njia ya pili na kuchagua inayomlipa. The Witcher 3 ya 2015 ililitatua hili kwa kutawanya. Kurudi mwishoni kwa Ciri, binti wa kulea wa mhusika wako, kunategemea nyakati chache zilizopita zamani: kama ulicheza naye kurushiana theluji alipokata tamaa, kama ulimwacha aende mwenyewe kukutana na wachawi, kama ulifuatana naye kwenye kaburi la rafiki yake. Hakuna ujumbe unaokuambia umepata alama. Lakini kila wakati unapima jambo lilelile, yaani kama unamlea au unamfunga, kwa hiyo ukikumbuka nyuma unaona njia uliyopita. Ingekuwa fumbo kama nyakati hizo zisingefanana.

Kuvuna kuna mahali pake pamoja pa halali, napo ni pale gemu inapokushtaki kwa huko kuvuna. Undertale ya Toby Fox, ya 2015, ina njia inayokutaka uzungukezunguke kila eneo ukiua mpaka asitokee kiumbe yeyote. Inachosha makusudi. Kama hadithi yako haizungumzii uchoshi wa namna hiyo, usiuazime.

Kujaribu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mpe gemu mtu asiyeijua, msimamishe mlangoni pa kikao, na usimwulize kama ameipenda. Mwulize: unadhani nini kitatokea humo ndani, na kwa sababu gani? Akijibu, “Shangazi atanigeuka kwa sababu nilimficha ile barua,” umefanikiwa, hata kama ametabiri vibaya. Akijibu, “Nadhani nitapata mwisho mbaya kwa sababu sikumaliza kazi zote,” gemu yako imemfundisha kuhesabu, na yafaa utafute ni skrini ipi iliyomfundisha. Mara nyingi ni upau wa mapenzi uliowekwa juu ya kichwa cha mhusika, au orodha ya kazi yenye visanduku vya kutiki. Akijibu, “Sijui, nisubiri nichague humo ndani,” basi yote yaliyotangulia hayajamkaa. Hilo ndilo lililoikuta Deus Ex: Human Revolution ya 2011, ambamo hatima ya dunia ilikabidhiwa vitufe ndani ya chumba cha mwisho.

Baada ya mwisho, usiandike “umepata mwisho wa 2 kati ya 4,” wala usiupe mmoja jina la mwisho wa kweli. Mchezaji ataanza kukusanya. Na kama anataka kuona njia nyingine, mfungulie kituo cha kurudia kwenye siku ya arubuni, lakini kionekane tu akishamaliza mara ya kwanza, ili asilazimike kusoma upya mazishi kwa kubonyeza haraka haraka.