Mama Mjamzito: Ute wa Kawaida, Fangasi na Maji Yanayovuja

Mimba huongeza ute wa ukeni. Homoni huzidisha damu inayofika huko, na ute unaotoka husaidia kuzuia vijidudu visipande hadi kwa mtoto. Ukiwa mwepesi, mweupe au kama maji ya mchele, bila harufu mbaya wala mwasho, ni wa kawaida. Osha sehemu ya nje kwa maji. Usiingize sabuni wala dawa yoyote ndani.

Ukiwashwa sana na kuona ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, huenda ni fangasi. Huwapata wajawazito wengi na huwa haudhuru mtoto aliye tumboni. Usijinunulie vidonge vya kumeza dukani, kwani flukonazoli haipendekezwi kwa mjamzito. Kliniki itakupa klotrimazoli ya kuweka ukeni, mara nyingi kwa usiku 6 au 7. Maliza dozi yote hata mwasho ukiisha mapema. Ute wa kijani, wa manjano au unaonuka huashiria maambukizi mengine, nayo yana dawa tofauti.

Jambo lisilongoja ni maji. Chukua mfano wa mama wa kijiji kimoja karibu na Garsen, mwenye mimba ya wiki 32. Asubuhi anakuta leso imelowa, lakini hana uchungu. Anadhani ni mkojo. Afanye hivi: aende haja ndogo, avae pedi safi, atembee kwa nusu saa, kisha aitazame. Mkojo una harufu yake. Ute hushika na huvutika. Maji ya uzazi ni mepesi, hayana harufu ya mkojo, na huendelea kulowesha pedi hata baada ya kibofu kuwa tupu.

Pedi ikilowa, au akibaki na shaka, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na kuibeba pedi ili muuguzi aione. Asiingize kitu ukeni wala asijamiiane. Chupa ikipasuka kabla ya wiki 37, vijidudu vyaweza kumfikia mtoto, na uchungu waweza kuanza mapema. Kwa mimba ya wiki 32, hospitali humpa mama antibayotiki, na sindano za kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Sindano hizo huhitaji muda kufanya kazi, ndiyo maana kungoja uchungu uanze nyumbani ni hasara.

Usingoje hata saa moja iwapo maji ni ya kijani au yana damu, una homa, mtoto amepunguza kucheza, au kitovu kimetangulia kutoka. Mto Tana ukifurika na barabara kukatika, mpigie mhudumu wa afya wa kijiji chako mara tu unapoona maji, ili usafiri wa kwenda Ngao au Hola utafutwe mapema. Beba kijitabu chako cha kliniki.