Karamu au Kalamu? Kujipima Usomaji kwa Simu

Katika likizo iliyopita frateri mmoja alipangiwa kusoma somo la kwanza katika parokia yake hapa Kijenge. Lilikuwa somo kutoka Isaya sura ya 25, lile la karamu mlimani, ambalo husomwa Dominika ya 28 ya Mwaka A. Alisoma kwa sauti nzuri, bila haraka. Baada ya Misa mama mmoja wa jumuiya akamwambia kwa utani, "Baba frateri, leo umetuandalia kalamu nyingi, madaftari tutatoa wapi?" Alicheka, lakini jioni alinijia akiwa na huzuni. Aliapa kwamba alisema "karamu", kwani masikioni mwake ilikuwa karamu.

Hakuwa anadanganya. Tunaposema, tunasikia sauti yetu kwa njia mbili: kupitia hewani, na kupitia mifupa ya kichwa. Njia hii ya pili huipa sauti uzito, na huchanganyika na kile tulichokusudia kusema. Simu inanasa ile ya hewani tu, ndiyo maana mtu akijisikia mara ya kwanza huikataa sauti yake: "Huyu si mimi!" Ni wewe, na ndivyo wanavyokusikia walioketi kwenye mabenchi. Vumilia siku mbili tatu, aibu hiyo huisha.

Kwanza tafuta wa kulinganishwa naye. Wengi hukimbilia watangazaji wa habari, na si vibaya, lakini mtangazaji anasoma maneno mengine na wewe unasoma mengine, hivyo huwezi kulinganisha vizuri. Bora umwombe mtu mwenye matamshi safi akusomee maneno yaleyale utakayosoma wewe. Frateri wetu alimpata mwalimu mstaafu aliyekulia Unguja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, basi hapo alikuwa kwenye chemchemi yenyewe. Sekunde kumi au kumi na tano zinatosha. Ukichukua somo zima utachoka na hutasikia lolote.

Kurekodi kwenyewe si kazi kubwa. Weka simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi isipige moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Funga dirisha, maana vifodi na bodaboda za Kijenge hazina huruma, na mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Tumia programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu, usitumie rekodi ya maongezi ya simu. Simu ya kawaida tangu zamani hupitisha mawimbi ya sauti ya kati ya takriban hezi 300 na 3400 tu, na mengi ya yale yanayotofautisha "s" na "th" yako juu ya hapo. Unaweza kujilaumu kwa kosa ambalo si lako.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe, ambacho naona wengi hukiruka. Wao hurekodi, husikiliza mara moja, husema "nimefanana naye", basi. Hapo wameshajua walichosema, na sikio husikia kile linachotarajia. Lazima ujifiche jibu.

Frateri alikata vikaratasi 12. Aliandika karamu, kalamu, kura, kula, mahari na mahali, kila neno mara mbili. Akavichanganya, akasoma kimoja baada ya kingine akirekodi, akaviweka kwenye bahasha kwa mpangilio uleule. Mwalimu naye akarekodi orodha yake, iliyochanganywa kivingine. Kesho yake frateri alisikiliza rekodi zote mbili bila kufungua bahasha, akaandika alichosikia. Kwa mwalimu alipata 11 kati ya 12. Kwa sauti yake mwenyewe alipata 7.

Tafakari namba hizo. Mtu anayebahatisha tu, kwa kuwa kila mara anachagua kati ya maneno mawili, atapata kama 6. Kwa hiyo 7 ni sawa na kubahatisha: hata yeye mwenyewe hakuweza kujua alisema nini jana. Lakini ile 11 ilitupa habari njema, kwamba sikio lake ni zima, tatizo liko ulimini. Angepata 6 au 7 kwa mwalimu pia, kujirekodi kusingemsaidia bado. Kwanza angepaswa kufundisha sikio, kwa kumsikiliza mwalimu tu na kusahihishwa, siku kadhaa, kabla ya kufungua kinywa. Kwa baadhi ya watu wa bara, lugha ya nyumbani haikutenganisha "l" na "r", nao hufikia hali hii bila kosa lolote.

Ulimi ulirekebishwa hivi. Ukitamka "l", ncha ya ulimi hukaa kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu na hewa hupita kando, nawe unaweza kuivuta: llll. Ukitamka "r" ya "karamu", ncha hugonga ufizi mara moja na kuondoka, huwezi kuivuta hivyo. Basi alipunguza kasi ya rekodi hadi nusu na kusikiliza katikati ya neno. Palipokuwa na mvuto, ilikuwa "l". Palipokuwa na mgongo mfupi, ilikuwa "r". Alifanya dakika kumi kila jioni: mwalimu, yeye, mwalimu tena. Baada ya siku nane alirudia kipimo cha bahasha akapata 11.

Njia hiyo hutumika pia kwa "dh" na "z". Kwa "dh", ncha ya ulimi hugusa kidogo kati ya meno na koo hutetemeka, shika shingo utaona. Hapa kuna mtego. Mtu akishaizoea "dhambi" na "dhahabu", huanza kuiweka kila mahali, akasema "dhawadi" na "dhaidi". Nimewasikia wengi, tena wanaojivunia matamshi. Kwa hiyo kwenye vikaratasi vyako changanya zawadi, zaidi na ziwa pamoja na dhambi, fedha na dhahabu, na usikilize kama unaharibu yaliyokuwa mazima.

Neno moja kuhusu lafudhi ya sentensi. Frateri alipolinganisha aya nzima aligundua kwamba anapandisha sauti kila mstari wa kitabu unapoisha, hata kama wazo halijaisha. Mwalimu alipumua penye mkato na nukta tu. Hili lilirekebishika jioni moja, kwa kuweka alama ya penseli kwenye nakala yake kila mahali mwalimu alipopumua.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kusoma vikaratasi ukiwa umetulia chumbani si sawa na kusimama kwenye mimbari mbele ya watu, na "r" mpya hukimbia kwanza hofu inapoingia. Alipopangiwa tena, frateri alimwomba kaka yake arekodi akiwa benchi la nne. Katika usomaji wa dakika mbili na nusu, "r" ilimponyoka mara tatu, zote katika sentensi ya kwanza. Sasa anaisoma sentensi ya kwanza kwa sauti mara tano sakristia kabla ya maandamano kuanza.