Kumbusho la Taarifa ya Wiki Lisilopuuzwa

Katika ufuatiliaji wa magonjwa, wiki huanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Ichukuliwe mfano kata yenye vijiji sita, ambayo wahudumu wake wa afya ngazi ya jamii hutakiwa kufikisha zahanati hesabu za wiki iliyokwisha kabla ya saa 6 mchana siku ya Jumatatu. Asiyeona mgonjwa huandika sifuri. Sifuri ni taarifa kamili. Ukimya hauonyeshi kama kijiji ki salama au hakuna aliyekitembelea.

Kila Jumapili jioni wahudumu wote sita hupokea ujumbe uleule: “Mnakumbushwa kutuma taarifa za wiki kwa wakati.” Baada ya miezi miwili hakuna anayeusoma, maana hauna jambo asilolijua mpokeaji kabla ya kuufungua. Tena humfikia hata aliyekwisha kutuma, naye hujifunza kwamba ujumbe huo haumhusu.

Dawa yake si kutafuta maneno makali wala mzaha mpya kila wiki. Siku, saa na mpokeaji wa taarifa vibaki vilevile; kinachobadilika ni sentensi ya kwanza, nayo itokane na taarifa za wiki iliyotangulia. Kwa mfano: “Wagonjwa watatu wa kuhara walioripotiwa wiki iliyopita walichota maji kisima kimoja, kisima kimetiwa dawa. Hesabu za wiki hii ndizo zitakazoonyesha kama kuhara kumekoma. Mwisho: kesho Jumatatu, saa 6 mchana, kwa muuguzi wa zahanati.” Hapo mhudumu huona hesabu yake ilikokwenda. Majina ya wagonjwa, bila shaka, hayaandikwi. Wiki isiyo na tukio pia ina habari yake: “Vijiji vyote sita viliandika sifuri ya surua.”

Jumatatu saa 4 asubuhi, kumbusho la pili liende kwa wasiotuma pekee, kila mmoja kwa jina lake na la kijiji chake. Kuwataja wachelewaji mbele ya wenzao huleta hatari kubwa zaidi: mtu huandika sifuri ya kubuni ili aepuke aibu.

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kipindupindu hasubiri Jumatatu wala kumbusho. Taarifa yake hutolewa papo hapo. Jambo hilo liwekwe mbali na ujumbe wa wiki, yasije yakachanganywa.

Msimamizi na aandike saa ambayo kila taarifa iliingia. Zikiwa zote huingia baada ya kumbusho la pili, basi wahudumu wamelifanya hilo kuwa ndiyo saa ya mwisho, na inafaa liachwe kwa wiki mbili ili ionekane nani hutuma mwenyewe. Ikiwa mchelewaji ni kijiji kilekile kila wiki, maneno hayana kosa: huenda mtandao haushiki huko, au fomu zimekwisha. Kijiji hicho kipelekewe fomu, au hesabu yake ipokewe kwa karatasi kupitia mwendesha bodaboda ashukaye sokoni Jumatatu asubuhi.