Daktari Kakupa Barua, Hakukupa Dawa

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma, na ile ya daktari uliyoipiga picha nimeisoma mara mbili. Unaniuliza: "Dada, kama mafuta yamezidi kwenye damu, mbona kanirudisha mikono mitupu? Kaniona sina hela ya dawa?" La hasha. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, kliniki ya presha na sukari, na nakwambia aliyeiandika barua hii alikaa akakufikiria. Ila kaiandika kidaktari. Basi njoo tuisome pamoja, na nyie wengine mliokunja majibu kama haya mkayaficha kwenye pochi, sogeeni.

Anaanza hivi: "LDL yako ni 3.8, iko mpakani. Kwa sasa sikuanzishii dawa. Tutapima tena baada ya wiki 12."

Lehemu haichanganyiki na damu, kama vile mafuta yasivyochanganyika na maji, kwa hiyo mwili huisafirisha ndani ya vifurushi vidogo sana. LDL ni kimojawapo. Vikizidi, vingine hupenya kwenye kuta za mishipa na kubaki humo, na miaka inavyokwenda njia ya damu inasinyaa. Hakuna maumivu wala dalili yoyote wakati hayo yanatokea, kwa hiyo kile kichwa chako kinachogonga jioni usikisingizie lehemu. Kutoka 3.4 hadi 4.1 ndiko kunakoitwa mpakani. Ingekuwa 4.9 au zaidi, daktari angezungumzia dawa mapema, tena angekuuliza kama wazazi na ndugu zako waliugua moyo wakiwa bado vijana.

Lakini namba hiyo hakuitazama peke yake. Soma mstari wa nne: miaka 49, presha 124 kwa 78, sukari ya kawaida, huvuti sigara, hujawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Hayo yote ndiyo yanayopima hatari yako ya moyo na kiharusi kwa miaka 10 ijayo, na Shirika la Afya Duniani lina chati za kuipima, mojawapo ya ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Jirani yako mwenye kisukari akiwa na 3.8 hiyo hiyo huenda akatoka na vidonge, na nyote wawili mtakuwa mmehudumiwa sawasawa.

Umeshangaa pia kaandika upimwe homoni ya tezi ya shingoni, wakati shingo yako haina uvimbe. Tezi ikifanya kazi kwa uvivu, LDL hupanda hata kama mtu anakula mchicha mtupu, na hapo tiba ni ya tezi. Tena umeniambia hedhi zimeanza kuruka miezi. Homoni za kike zinapopungua, ini huiondoa LDL kwenye damu kwa kasi ndogo kuliko zamani. Kwa hiyo usijilaumu kwamba yote umeyaleta wewe kwa kijiko chako.

Sasa tuje kwenye kijiko. Daktari kaandika "punguza mafuta yanayoganda." Wengi wakisoma hapo huacha mayai na kuendelea na nazi, kumbe mayai machache kwa wiki si tatizo lako kubwa. Tatizo ni tui. Ini lina milango ya kuipokea LDL kutoka kwenye damu, na mafuta ya aina hii yakizidi, milango hiyo hupungua. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo. Samli ni kama 60, mawese karibu nusu, alizeti ni kama 11 tu.

Umeniandikia chakula chako bila kuficha, nakushukuru: wali wa nazi mchana, maharage ya nazi usiku, Ijumaa samaki wa kupaka, nazi mbili kwa siku kwa watu wanne. Sikwambii uifukuze nazi Tanga, hutaweza na hutanisikiliza. Fanya hivi kwa wiki 12. Nazi iwe siku mbili tu kwa wiki, nazi moja kila siku hiyo, na upikie tui la pili, lile jepesi. La kwanza usilitumie. Siku nyingine maharage yaungwe kwa nyanya, kitunguu na vijiko viwili vya alizeti kwa sufuria nzima. Alizeti ichukue nafasi ya tui. Ukiiongeza juu ya tui hujafanya kitu.

Na maharage hayo usiyapunguze, yaongeze. Kunde, choroko, dengu, bamia na uji wa shayiri vina nyuzinyuzi zinazogeuka utelezi tumboni. Utelezi ule hunasa nyongo na kutoka nayo chooni, na ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine huchota lehemu kwenye damu. Bakuli moja kila siku linatosha kuanzia.

Kuna jambo daktari hakuliandika, nadhani kwa kuwa hukumwambia: kahawa. Vikombe vitano kwa siku vya kahawa ya birika, iliyochemshwa pamoja na unga wake! Ndani yake mna mafuta yaitwayo kafestoli ambayo hupandisha LDL. Kahawa ikipita kwenye karatasi ya kuchujia, mafuta hayo hubaki kwenye karatasi. Ya kopo inayoyeyuka majini nayo haina shida hiyo. Chagua mojawapo, au unywe chai.

Kutembea nusu saa siku tano kwa wiki kumeandikwa, na ufanye, kwa ajili ya presha, sukari na uzito. Ila LDL yenyewe haishuki sana kwa miguu, kwa hiyo usitembee hadi Raskazone ukarudi kujituza kwa tui. Na yale maji ya moto na ndimu ya kukwangua mafuta hayakwangui chochote. Unga wa majani usio na jina, uache kabisa; mwingine huumiza ini, na mwezi wa tatu hatutajua nini kimefanya nini.

Kwa nini wiki 12? LDL huchukua wiki kadhaa kutulia kwenye kiwango kipya, na namba hucheza kidogo hata usipobadili kitu. Ukitoka 3.8 ukapata 3.6, huenda ni mchezo huo tu. Ukipata 3.2, hapo kuna kitu kimeshuka kweli. Daktari kakuwekea lengo la chini ya 3.4, na kwa jiko lako lilivyo, naona inafikika.

Kipimo cha pili kifanyike maabara ile ile. Mara nyingi LDL haipimwi moja kwa moja, hukokotolewa. Yako ilitoka hivi: lehemu yote 5.8, toa HDL 1.2, kisha toa trigliseridi 1.7 iliyogawanywa kwa 2.2, ambayo ni kama 0.8, inabaki 3.8. Trigliseridi hupanda ukishakula, ndiyo maana kaandika ufunge saa 10 hadi 12, maji tu ruksa. Ukiwa umeugua malaria au homa kali wiki hizo, sogeza tarehe, kwa kuwa ugonjwa hushusha LDL kwa muda na utafurahia namba ya uongo.

Ikibaki 3.8 baada ya kufanya haya yote kwa dhati, mwambie daktari ukweli wa sufuria yako, naye ataamua kama vidonge vinafaa. Kifua kikibana au mkono ukilegea ghafla, usingoje wiki ya 12, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa sasa andika tarehe ya kipimo kwenye kalenda ya jikoni, na kesho umtume mtoto dukani: alizeti lita moja, choroko kilo moja.